Nimelipa ada ya maombi, mfumo unasema sijalipa, na dirisha linafungwa leo usiku: naombaje kuongezewa siku chache?

Nyota_ya_Kilombero · Ijumaa, saa 2:40 asubuhi

Habari za asubuhi wanajamvi. Naomba msaada wa haraka kwa mwenye uzoefu.

Naomba shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwenye chuo kimoja hapa nchini. Fomu niliimaliza Jumatatu: vyeti vimepakiwa, wadhamini wawili wameshatuma barua zao, kilichobaki ni ada ya maombi na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Jumanne alfajiri mama akazidiwa, akaandikiwa rufaa kutoka Ifakara kwenda Dar, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Ada nimekuja kuilipa jana usiku kwa simu nikiwa wodini. Meseji ya malipo ilikuja papo hapo, na hela imekatwa. Nikiingia kwenye mfumo wa chuo bado unaandika `Not Paid`, na kitufe cha kuwasilisha hakionekani kabisa. Asubuhi hii nimeangalia tena, hali ni ile ile.

Dirisha linafungwa leo saa 5:59 usiku. Nataka kuomba siku chache, ila sijui niandike kwa nani, niombe siku ngapi, na nitaje suala la mama au nizungumzie malipo peke yake. Sitaki kuonekana natafuta huruma. Hii nafasi nimeisubiri muda mrefu.

---

Mchumi Kijana · saa 2:58 asubuhi

Pole sana dada, Mungu amponye mama.

Usiandike barua, barua zinalala. Piga simu ofisi ya udahili muda huu wakifungua, ongea na mtu, mtumie picha ya meseji WhatsApp. Ikifika mchana bado, tengeneza kontrol namba nyingine ulipe tena. Bora kupoteza hela ya ada kuliko kupoteza mwaka mzima.

---

Msajili Mstaafu · saa 3:20 asubuhi

Pole binti yangu. Nimekaa ofisi ya udahili wa uzamili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maombi ya namna hii yalikuwa yakipita mezani kwangu kila dirisha linapofungwa.

Kijana hapo juu ana ukweli nusu. Kupiga simu ni vizuri kwa sababu utajua nani yupo zamu na anwani ipi inasomwa leo. Lakini simu haiachi alama. Jumatatu wakikaa kuamua nani afunguliwe, wataangalia kitu kilichoandikwa, chenye tarehe na saa iliyo kabla ya dirisha kufungwa. Aliyepiga simu Ijumaa na kuandika Jumamosi huhesabiwa kuwa ameomba Jumamosi. Picha ya WhatsApp kwenye simu ya mtumishi haiingii kwenye faili lako. Kwa hiyo piga simu, kisha andika barua pepe hiyo hiyo asubuhi.

Kabla hujaandika, fanya jambo moja. Fungua ankara yako ndani ya mfumo wa chuo, weka meseji ya malipo pembeni, linganisha kontrol namba tarakimu kwa tarakimu, zote 12. Halafu linganisha kiasi na jina la taasisi. Nirudishie jibu hapa.

---

Fundi Mitambo · saa 3:31 asubuhi

Naongezea kwenye alichosema mzee, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, mifumo ya ankara.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni hii: mwombaji alitengeneza kontrol namba wiki iliyopita, akasahau, akatengeneza nyingine. Kwenye simu kuna ile ya zamani, akalipia hiyo. Hela imeingia chuoni kweli, ila fomu inasubiri ile mpya. Hapo mfumo haujakosea, ni namba mbili tofauti, na suluhisho ni mhasibu kuhamishia malipo kwenye ankara sahihi.

Kama namba ni ile ile, basi taarifa ya malipo haijarudi. Ukilipa kwa simu, kampuni ya simu inapeleka malipo kwenye mfumo wa malipo wa Serikali, GePG, nao unatuma taarifa kwenye mfumo wa chuo kwamba ankara fulani imelipwa. Kama wakati huo mfumo wa chuo ulikuwa umezidiwa, na siku za mwisho huwa umezidiwa, taarifa inaweza kugonga mwamba. Hela haijapotea. Kwa kawaida miamala ya siku hulinganishwa siku inayofuata, na iliyoachwa njiani hujitokeza hapo.

Ndiyo maana nasema usilipe mara ya pili. Ukitengeneza namba mpya, ankara yako inabadilika, na ile taarifa ikirudi kesho inakuta fomu inasubiri namba nyingine. Utakuwa umejitengenezea tatizo la kwanza juu ya la pili.

---

Mchumi Kijana · saa 3:44 asubuhi

Fundi nakuheshimu, ila mimi mwaka juzi nililipa mara mbili, ya pili ikasoma ndani ya dakika chache, nikawasilisha. Leo niko mwaka wa mwisho. Hela ya kwanza sijarudishiwa, lakini nafasi niliipata.

---

Fundi Mitambo · saa 3:50 asubuhi

Sikatai, inawezekana. Kwako njia ilikuwa imeshafunguka wakati unalipa mara ya pili. Kama bado imeziba, malipo ya pili yanakwama palepale na ya kwanza. Hakuna namna ya kujua ukiwa nje. Mimi ningeandika barua kwanza, halafu saa moja au mbili kabla ya kufungwa ndipo niamue kuhusu kulipa tena, nikiwa tayari nina ombi lililopokelewa.

---

Nyota_ya_Kilombero · saa 4:05 asubuhi

Asanteni sana. Nimelinganisha. Tarakimu zote 12 ni zile zile, kiasi ni kile kile, jina la chuo ni sahihi. Nilitengeneza namba moja tu. Meseji inaonyesha nimelipa saa 3:12 usiku.

Chuoni nimepiga, dada aliyepokea amenipa anwani ya kurugenzi ya uzamili na ya dawati la mfumo, akasema yeye hana mamlaka ya kuongeza muda.

---

Msajili Mstaafu · saa 4:25 asubuhi

Vizuri. Amesema kweli, hana mamlaka. Tarehe ya kufunga hutangazwa kwa wote, na mtumishi mmoja hawezi kuisogeza. Kinachoweza kufanyika ni kufungua faili moja kwa mwombaji mmoja, kwa idhini ya mkurugenzi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na barua nyingi zinakataliwa kwa kuomba la kwanza. Ukiandika "naomba muda uongezwe", unamwomba mkurugenzi kitu ambacho akikupa wewe, atalazimika kuwapa wote. Ukiandika "naomba ombi namba fulani lifunguliwe hadi siku fulani ili niliwasilishe", anaweza kusaini leo leo.

Kuhusu siku ngapi: usiseme "siku chache". Siku unazoomba zitokane na muda wa tatizo lenyewe kwisha. Fundi amesema miamala hulinganishwa kesho yake. Kesho ni Jumamosi, wahasibu hawapo. Jumatatu wanarudi, wanaona malipo yako, wanarekebisha. Jumanne unawasilisha. Basi omba hadi Jumanne saa kumi jioni, na useme sababu ni hiyo. Anayesoma anaona umeifikiria kazi yake. Ukiomba wiki mbili atajiuliza unataka kufanya nini na wiki mbili wakati tatizo ni risiti.

Tena kuna hili. Baada ya dirisha kufungwa, ofisi hutumia siku za mwanzo kukagua nani ametimiza vigezo na nani ana upungufu, kabla ya mafaili kwenda idarani. Ukiwa ndani ya siku hizo, kukuingiza hakumsumbui mtu. Mafaili yakishagawiwa kwa wasomaji, ombi hilo hilo lenye ushahidi ule ule linakuwa zito.

Kuhusu mama: mtaje, kwa sentensi moja, baada ya malipo. Sababu ya kukwama kwa fomu ni malipo. Mama anaeleza kwa nini ulilipa siku moja kabla badala ya Jumatatu. Anayesoma atajiuliza hilo, basi mjibu kabla hajauliza.

---

Mama Zuhura · saa 4:48 asubuhi

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa mama sikubaliani nawe. Mwanangu huyu amekaa wodini siku tatu na bado amelipa. Hilo lianze mbele kabisa, anayesoma naye ana mama. Barua ikianza na tarakimu za risiti inasomwa kama malalamiko ya benki.

---

Msajili Mstaafu · saa 5:02 asubuhi

Marahaba, na nakuelewa mama. Lakini barua ikianza na ugonjwa, mara nyingi karani huipeleka kwenye rundo la matatizo ya kifamilia, ambayo husubiri kikao. Ikianza na malipo inakwenda dawati la mfumo, linaloweza kushughulikia leo. Nasema hivyo kwa ofisi niliyoijua mimi. Ya huko kwake inaweza kuwa na utaratibu mwingine.

---

Mchumi Kijana · saa 5:06 asubuhi

Mimi ningemwacha mama nje kabisa. Ukitoa sababu mbili wanaanza kuchagua ipi ya kukataa.

---

Nyota_ya_Kilombero · saa 5:30 asubuhi

Nimeandika hivi. Naomba mnikosoe kabla sijatuma. Namba nimezificha humu.

> Kwa: Mkurugenzi, Masomo ya Uzamili
> Nakala: Dawati la Mfumo wa Udahili
>
> YAH: OMBI NAMBA […] – KUFUNGULIWA HADI JUMANNE SAA 16:00 KWA SABABU YA MALIPO AMBAYO HAYAJASOMA
>
> Ndugu Mkurugenzi,
>
> Fomu yangu ya kuomba Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii ilikamilika Jumatatu pamoja na viambatisho vyote. Jana Alhamisi saa 21:12 nililipa ada ya maombi kwa kontrol namba […] na kupata risiti namba […]. Hadi leo Ijumaa saa 11:20 mfumo unaonyesha Not Paid na hauniruhusu kuwasilisha.
>
> Naomba malipo haya yahakikiwe. Endapo hayatakuwa yamesoma kabla ya saa 23:59 leo, naomba ombi langu lifunguliwe hadi Jumanne saa 16:00, ili wahasibu wapate Jumatatu ya kuyalinganisha. Siombi kubadilisha wala kuongeza chochote kwenye fomu.
>
> Sikulipa mapema kwa kuwa tangu Jumanne nilikuwa nikimsindikiza mama yangu kwa rufaa kutoka Ifakara kwenda Dar es Salaam.
>
> Nimeambatisha: meseji ya malipo, picha ya ukurasa wa mfumo, barua ya rufaa na tiketi ya basi.
>
> Wako mtiifu,

---

Msajili Mstaafu · saa 5:41 asubuhi

Nzuri sana. Umefanya vema kuandika saa kwa mtindo wa 21:12 na si saa tatu usiku, kwa sababu kumbukumbu za mfumo zinaandikwa hivyo, na atakayehakiki hataanza kupiga hesabu. Na hiyo sentensi ya kutokubadilisha chochote ndiyo itakayomtuliza mkurugenzi. Hofu yake kubwa ni mtu anayeomba faili lifunguliwe kwa ajili ya malipo, kisha akarekebisha maelezo yake au akaongeza cheti baada ya wenzake kufungiwa. Mfumo unaonyesha fomu iliguswa lini mara ya mwisho. Ya kwako itaonyesha Jumatatu. Basi usiiguse tena, hata kurekebisha nukta.

Viambatisho: picha ya ukurasa wa mfumo ionyeshe skrini nzima, yaani namba yako ya ombi, neno `Not Paid`, na saa na tarehe ya kifaa. Picha iliyokatwa ikabaki neno moja haithibitishi ni ya nani wala ya lini. Barua ya rufaa, funika maelezo ya ugonjwa. Wanahitaji jina la mgonjwa, tarehe, ilikotoka na inakokwenda, basi. Siri ya mama yako haihitajiki kwenye faili la udahili.

---

Fundi Mitambo · saa 5:47 asubuhi

Tiketi ya basi ni wazo zuri, tiketi za mtandao zina jina lako na tarehe. Barua ya rufaa inamtaja mama tu, tiketi ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ndiye uliyesafiri.

Picha za ushahidi weka zote kwenye faili moja la PDF, jina la faili liwe namba yako ya ombi. Picha nne zenye majina ya kamera zinapotezana zikipakuliwa.

---

Kipanga_92 · saa 6:15 mchana

Wakuu, na mimi nina tatizo kama hilo. Ni yatima, naomba mkopo wa Bodi, cheti cha kifo cha baba kiko RITA kwa uhakiki na majibu hayajarudi. Barua hii naweza kuitumia kuomba Bodi waniongezee siku?

---

Msajili Mstaafu · saa 6:40 mchana

Pole kijana. Lako ni tofauti. Kwenye mkopo unaomba pamoja na maelfu ya wenzako, na Bodi ikisogeza tarehe huisogeza kwa wote kwa tangazo, si kwa barua ya mtu mmoja. Miaka ya nyuma wamewahi kusogeza, na wamewahi pia kufungua dirisha la kurekebisha fomu zenye kasoro, lakini hilo la marekebisho ni la aliyekwisha kuomba. Hakikisha fomu yako imewasilishwa kwa kadiri mfumo unavyoruhusu kabla ya kufungwa, tunza ushahidi kwamba uliomba uhakiki na tarehe yake, na ufuatilie RITA wenyewe. Bodi haiwezi kuharakisha kazi ya RITA.

---

Nyota_ya_Kilombero · saa 7:10 mchana

Nimetuma. Nimepata jibu: "Ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa Jumatatu." Halijasema ndiyo wala hapana. Nimeanza kuogopa.

---

Msajili Mstaafu · saa 7:25 mchana

Hilo ndilo ulilohitaji kwa leo. Lina saa, na saa hiyo ni kabla ya kufungwa. Liweke. Leo usiku karibu na saa sita kasoro ingia tena. Kama kitufe kimetokea, wasilisha. Kama hakijatokea, piga picha ya skrini nzima. Usiandike barua mpya. Lolote litakalotokea, lijibu ndani ya barua ile ile ili mazungumzo yabaki mahali pamoja.

---

Nyota_ya_Kilombero · Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Jana usiku kitufe hakikutokea. Sikulipa tena. Asubuhi hii mfumo umebadilika na kuandika `Paid`, lakini dirisha limefungwa na siwezi kuwasilisha.

---

Fundi Mitambo · saa 3:30 asubuhi

Hapo malipo yamekutwa kwenye kulinganisha. Angalia kwenye ankara: mara nyingi tarehe ya malipo itakuwa ya Alhamisi, hata kama imesoma leo. Piga picha hiyo uitume ndani ya barua ile ile. Sasa ushahidi ni wa mfumo wao wenyewe.

---

Msajili Mstaafu · saa 4:00 asubuhi

Na ombi lako limepungua. Jana uliomba mambo mawili, kuhakiki na kufungua. Sasa limebaki moja. Waambie hivyo kwa mistari miwili tu.

---

Nyota_ya_Kilombero · Jumatatu, saa 9:50 alasiri

Wamefungua! Ni hadi kesho saa kumi jioni, kwa ombi langu peke yake. Sijasubiri kesho, nimewasilisha na nina barua ya uthibitisho. Tarehe ya malipo kwenye ankara ilikuwa ya Alhamisi kama alivyosema Fundi. Kuhusu mama hawakuuliza chochote. Anaendelea vizuri, ameruhusiwa jana. Baba Msajili, Fundi, Mama Zuhura, na kaka Mchumi, asanteni kwa moyo wote.

---

Mama Zuhura · saa 10:20 jioni

Alhamdulillahi. Basi mzee nisaidie na mimi. Mtoto wa dada yangu kafiwa na baba yake usiku wa kuamkia siku ya kufunga, yuko kijijini Newala kwenye msiba, hakuandika chochote kabla. Fomu yake haikuwa imekamilika, ilibaki barua ya mdhamini mmoja. Cheti cha kifo bado.

---

Msajili Mstaafu · saa 11:05 jioni

Poleni sana. Cheti asikisubiri. Atumie kibali cha mazishi, au barua ya mtendaji wa kijiji yenye tarehe ya kifo, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa kinachomtaja baba. Aandike leo hii. Kufiwa usiku ule kunaeleza kwa nini hakuandika kabla, lakini hakuelezi kwa nini anaandika wiki mbili baadaye.

Ugumu ni hiyo barua ya mdhamini. Mwenzake hapa fomu ilikuwa imekamilika. Wa kwako inabidi aonyeshe mdhamini aliombwa lini, na kama ile barua pepe ya mfumo kwenda kwa mdhamini ilitoka kabla ya msiba, aipige picha. Aombe siku tatu baada ya kurudi mjini, na mdhamini mwenyewe aandike mstari mmoja kwamba barua iko tayari. Hapo kuna vyuo vitakavyokubali na vitakavyokataa, na nimeviona vyote viwili.

---

Mama Zuhura · saa 11:12 jioni

Mdhamini ni mwalimu wake wa zamani, simu yake ninayo. Ngoja nimpigie sasa hivi.